Daftari la Gari la Hospitali

Daftari lile nililichukia tangu siku ya kwanza, na sikuficha. Katika ofisi ya utawala ya hospitali yetu, pale Kibiti, tulikuwa makarani wawili na dereva mmoja, na kazi ilikwenda kwa mdomo. Mimi nilikaa mapokezi. Karani mkuu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Shangazi, alikaa masijala, na dereva alikuwa na benchi lake nje ya dirisha. Nesi akitaka gari hupita dirishani: "Kaka, kuna mgonjwa dikoni." Dereva anauliza diko gani, maana mitumbwi hutua sehemu nyingi mtoni, Shangazi anamkumbusha njia ipi ina matope, mimi nasema basi pitia na dawa za zahanati. Tunapatana hapo hapo, gari linaondoka. Hakuna aliyemwamuru mwenzake. Niliipenda ofisi ile, na ubishi wake wote.

Kisha serikali ikafungulia biashara, barabara ikajaa magari na mitumba, nasi tukajengewa wodi mpya. Watumishi wakaongezeka hata majina yakanishinda. Ijumaa moja mchana, nesi akiwa njiani kwenda msikitini, akaniachia neno: kuna mjamzito anasubiri dikoni. Ndivyo tulivyozoea, anayekwenda kusali humwachia neno anayebaki. Mimi nikadhani Shangazi keshamwambia dereva. Shangazi akadhani nimemwambia mimi. Dereva, maskini, akaosha gari. Yule mama alifikishwa jioni juu ya lori la nazi, akapona kwa rehema za Mungu. Ile aibu ninayo mpaka leo.

Katibu mpya wa hospitali, kijana mpole kutoka bara, hakutukaripia. Alihamishia meza yake mapokezi, akawa anaamuru kila safari mwenyewe. Wiki mbili mambo yakanyooka. Halafu foleni ikahamia kwake: shuka, zamu, mafuta ya jenereta, hata ufunguo wa stoo ulimngoja yeye. Alipoitwa Dar siku mbili, gari lilikaa tu na sisi tukatazamana. Shangazi akasema, "Huyu mwanangu ataumwa kwa kuulizwa."

Aliporudi akaja na daftari. Anayepokea habari ya mgonjwa aandike papo hapo: nani, wapi, saa ngapi, njia gani. Dereva asome, atie saini, na asibadili njia bila ruhusa.

"Bwana Katibu," nikamwambia, "sisi si wanafunzi."

"Najua, dada," akacheka. "Andika tu."

Nikawa naandika huku nimenuna.

Masika yakaja. Ijumaa nyingine, watu wako msikitini tena, akaingia mtu wa baiskeli anahema. Mke wa kaka yangu, wifi yangu ninayempenda kuliko ndugu wengine wa damu, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Wamemleta kwa mtumbwi hadi dikoni, anamaliza nguvu. Nilitaka kupiga kelele na kukimbia kila chumba, lakini daftari lilikuwa mbele yangu, nikaandika. Dereva, yule yule wetu wa benchi, akasoma, akatia saini, akaondoka na mkunga. Daktari akasoma mstari ule ule, akaanza kuandaa chumba cha upasuaji. Shangazi akaenda kutafuta ndugu wa kutoa damu. Hakuna aliyeuliza nani kamwambia nani.

Saa tisa gari halijarudi. Saa kumi halijarudi. Katibu akasogeza kiti chake karibu na changu. Alikuwa na amri nyingi na hana njia ya kuzifikisha huko. Nilimchukia kidogo wakati ule, nakiri.

Saa kumi na moja gari likaingia limejaa tope. Wifi akapitishwa moja kwa moja kwa daktari. Kabla ya magharibi tukasikia mtoto analia, wa kike, na mama yake akawa mzima. Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Ndipo dereva, aliyelowa hadi kifuani, akasimama mbele ya meza. Kwa umri wake angeweza kumzaa Katibu. "Bosi, nimebadili njia bila ruhusa yako," akasema. Njia tuliyoandika ilikuwa imemezwa na maji. Yeye alitaka kuzunguka kwenye minazi. Mkunga akasema mgonjwa hatavumilia mzunguko huo. Mwenye mtumbwi, aliyekuja kuwapokea hapo ukingoni mwa maji, akasema anaweza kumpitisha juu ya mashamba ya mpunga yaliyofunikwa hadi penye mwinuko, kama gari litamfuata huko. Wakabishana, kila mmoja akalegeza lake, wakakutana mahali ambapo hakuna aliyepaandika.

Katibu akasikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza, penye masharti, akakata lile la njia kwa mkono wake.

"Niandike nini hapa, mzee wangu?"

Dereva akaelekeza kidole ukurasani. "Andika: wakifika penye maji, wapatane wao."

Katibu akaandika neno kwa neno. Kisha akainuka, akampisha dereva kwenye kiti chake.