Kisanduku cha Namba Tisa

Mama Chapa hajui kutulia. Hata akiwa ameketi mbele ya kompyuta yake, mguu mmoja unapiga sakafu kama wa mtu anayeendesha cherehani. Mimi nashona viatu kwenye baraza ya duka lake la kuchapa na kutoa kopi, na huo mguu ndio unaonieleza siku yake ikoje.

Kila Jumamosi ana kazi moja ambayo haimo kwenye bango la bei. Jirani yetu Mzee Breki, dereva mstaafu, alikuwa mgonjwa wa fumbo la maneno la gazetini. Macho yake yalipokufa, binti yake akawa analipiga picha huko kazini kwake na kumtumia Mama Chapa. Yeye huligeuza kuwa maandishi ambayo simu ya mzee inaweza kuyasoma kwa sauti. Huandika mstari kwa mstari, kisanduku kwa kisanduku: "Moja, wazi, wazi, nyeusi, mbili, wazi." Namba ni pale neno linapoanzia. Wazi ni cheupe kisicho na namba. Nyeusi ni ukuta. Akimaliza mchoro ndipo huandika vidokezo, vya Kulia kwanza, kisha vya Chini, kila orodha peke yake. Mzee huubeba mchoro wote kichwani.

Jumamosi moja mzee alikuja mwenyewe, fimbo ikigonga ngazi.

"Mwanangu, usiniandikie tena."

"Kulikoni, baba?"

"Nane Kulia. 'Hufungua kufuli.' Si ufunguo huo? Herufi saba. Lakini mimi napata visanduku vitatu tu, halafu ukuta. Nimerudia kusikiliza mpaka simu imepata moto. Macho yalishaondoka, sasa na kichwa kinafunga mizigo."

"Labda nimekosea mimi."

"Wewe? Hujawahi." Akageuka, akaenda zake.

Mle dukani bwana harusi mmoja alikuwa anangoja kadi zake. Mama Chapa akamsahau hapo hapo. Akaikuza picha kwenye simu, akaizungusha, akaipeleka dirishani.

"Fundi, hebu njoo. Hiki ni cheusi au si cheusi?"

Nikatazama. Kilikuwa cheusi.

"Mungu wangu. Basi ni kweli mzee anaanza kupotea." Akakaa, akasimama. "Hapana. Soma nilichoandika, mimi nafuata kwenye picha."

Mimi si msomaji wa kusifiwa, lakini wazi na nyeusi hazinishindi. Nikasoma. Mstari wa nne ulikuwa: "Nane, wazi, wazi, nyeusi, wazi, wazi, wazi." Akaitikia, ni hivyo hivyo. Tukafika mwisho, hakuna kosa.

"Mama," bwana harusi akasema, "nioe, au niahirishe?"

"Ngoja. Fundi, nisomee namba za vidokezo, namba tu."

Kulia zilikwenda saba, nane, kumi. Chini zikaenda tano, sita, tisa.

Mguu ukanyamaza.

"Tisa? Tisa ya mchoro iko wapi?"

Tukaitafuta. Namba za fumbo hufuatana kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Nane ilikuwa pale, na kumi ilianzia mstari uliofuata. Kwa hiyo tisa ilipaswa kuwa katikati, na hapo katikati visanduku vyote vilikuwa vyeupe safi, isipokuwa kile kimoja. Tena vile vitatu vilivyofuata baada ya "ukuta" vilikuwa neno lisilo na namba ya kuanzia, jambo ambalo haliwezekani. Pichani ilionekana kuwa gazeti lilikuwa limekunjwa mara nne, na mikunjo ilikutana hapo hapo. Karatasi ilikuwa imesuguka na kushika uchafu. Haukuwa ukuta, ulikuwa uchafu.

Akatoka mbio.

"Mama! Kadi zangu!"

"Bibi harusi hatoroki!"

"Huyu wangu humjui!"

Nikamfuata na simu aliyoiacha. Tulimkuta mzee kizingitini kwake, fimbo imelala magotini.

"Baba, kosa ni langu. Kisanduku cha tatu baada ya nane si ukuta. Ni cheupe, kina namba tisa. Visanduku ni saba."

Mzee akaanza kupanga herufi kichwani. Midomo ilikuwa ikitembea.

"Tisa Chini ilisemaje?" akauliza. "Mdudu wa asali?"

"Ndiyo."

"Inaanza na N ya ufunguo." Akahesabu vidole vitano vya mkono mmoja. "Nyuki. Nyuki huyo! Nilimtafutia nyumba tangu asubuhi, nikasema nimerukwa na akili!" Akaipiga fimbo chini. "Umeniua, we mama!"

"Nisamehe, baba."

"Sikusamehi bado. Nipe fumbo lote upya, kwa mdomo wako. Leo siamini hata kisanduku kimoja."

Nikampa Mama Chapa simu yake. Akakaa chini kwenye kizingiti, mguu ukaanza tena, akasoma. "Mstari wa kwanza. Moja, wazi, wazi, nyeusi..."

"Taratibu," mzee akasema. "Hatukimbizwi."

Kule barazani bwana harusi alikuwa anapiga miluzi.