Kulia au Kushoto kwa Hospitali

Sijui kama nilifaulu kwa haki. Naandika ilivyokuwa, mwenye kusoma apime mwenyewe.

Nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja ya Kinondoni. Meneja alisema nikifaulu Kiingereza cha kuzungumza atanipeleka mapokezi. Nikajiunga na darasa la jioni, na mwenzangu wa mazoezi akawa dada mmoja msusi. Yeye alijifanya mwenyeji, mie mgeni mjini. Wiki nzima jibu lake lilikuwa hilo hilo: nyoosha, kwenye msikiti kata kushoto, hospitali hiyo hapo. Hata nikiwa napiga pasi nilikuwa nakata kushoto.

Siku ya mtihani mwalimu alinipa kadi. Salimia. Sema wewe ni mgeni. Ulizia hospitali. Uliza ni mbali kiasi gani. Rudia maelekezo uhakikishe umeelewa. Shukuru. Yeye ndiye mwenyeji.

Nikamsalimia, nikauliza. Akajibu kwa Kiingereza cha haraka: nyoosha, pita mizunguko miwili ya barabara, kwenye msikiti kata kulia, dakika kumi kwa mguu.

Nilishika msikiti tu. Nikafanya tunavyofanyaga wote mjini hapa: nikasema sawa, sawa, asante sana, nikainuka. Kwetu ukielekezwa usielewe, humsumbui mtu. Unatembea kidogo, unauliza wa mbele.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akauliza, Kiswahili kikamtoka.

"Hospitali," nikamjibu kwa Kiingereza, nikafungua mlango.

Nje yule msusi alikuwa anasubiri zamu yake. "Samahani, dada, mie mgeni. Hospitali iko wapi?" Bado kwa Kiingereza.

Hakushangaa hata kidogo. "Nyoosha, kwenye msikiti kata kushoto."

Hapo ndipo nikashtuka: kushoto kwake kukanirudishia maneno ya mwalimu masikioni, mizunguko miwili, kulia, dakika kumi. Nikarudi ndani.

"Samahani, mwalimu. Wewe umesema mizunguko miwili, halafu kulia kwenye msikiti. Yule dada anasema kushoto. Nimfuate nani?"

Mwalimu alitazama saa, akatazama kadi, akaweka tiki. "Umerudia maelekezo," akasema. "Nifuate mimi. Mtihani ni wangu."

Nikamshukuru, maana hiyo nayo ilikuwa kwenye kadi. Umbali sikuuliza. Alikwishanitajia, nikaona aibu kumuuliza tena, alama hiyo ikaenda.

Baadaye nilimwambia kweli: nilisaidiwa na mtu wa nje.

"Kakuelekeza vibaya," akasema. "Huo si msaada."

Msusi, nilipomsimulia, hakukubali. "Vibaya wapi? Shoga, hospitali yetu iko kushoto tangu Jumatatu. Huyo mwalimu ndo kaihamisha."

Nilipita kwa alama chache. Sasa niko mapokezi. Mgeni akiniuliza njia namwelekeza, kisha namwomba arudie maelekezo. Akisema sawa, sawa na kuinua begi, natoka naye mpaka getini.