Barua ya Eustace kwa Wazazi

Eustace Luhende alikuwa mtoa dawa katika hospitali moja ya misheni mjini Tabora, na kama kulikuwa na mtu aliyejua kwamba hati yake ni nzuri, basi ni yeye mwenyewe. Hata chupa ya dawa ya kikohozi aliiandikia lebo kama cheti cha ndoa. Kwa miaka kumi na tisa alisimama nyuma ya kidirisha chake, koti jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mkewe Apolinaria alikuwa akisema kalamu ya pili ni ya maonyesho tu.

Mwaka 1958 ilikuja penisilini ya watoto ya kunywa. Ilifika ikiwa unga ndani ya chupa. Eustace aliitia maji yaliyochemshwa yakapoa, akayafikisha kwenye alama, akatikisa, ikawa dawa tamu ya maji. Kabla ya hapo watoto walidungwa sindano, na kilio chao kilifika mpaka barabarani. Sasa mama alikwenda nyumbani na chupa yake, na huko ndiko mambo yalikoharibika. Mmoja alipima kwa kijiko cha kupakulia mboga. Mwingine aliianika dirishani, akidhani jua litaiongezea nguvu. Eustace akaona hapana, hawa lazima waandikiwe.

Barua aliihangaikia wiki nzima. Ilisema hivi:

“Kwa wazazi. Tikisa chupa kabla ya kila kipimo. Pima kwa kijiko tulichokupa hapa, si kijiko cha nyumbani, maana vya nyumbani havilingani. Kijae sawasawa na ukingo, kisifurike. Mpe mtoto asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kula, hata kama homa imeshuka. Funga kizibo vizuri. Weka chupa mahali pa baridi, mbali na jua na mafiga: isimamishe ndani ya bakuli la udongo lenye maji kidogo, uizungushie kitambaa kibichi. Siku ya saba mwaga iliyobaki, kwa sababu dawa ikishachanganywa na maji haidumu.”

Halafu palikuwa na mstari mmoja zaidi: “Siku hiyo hiyo uje uchukue chupa ya pili, maana matibabu ni siku kumi.”

Barua ilipigwa chapa kwenye mashine ya kurudufia ya parokia, na kila barua ilipewa karatasi moja tu. Ilipofika mwisho, nafasi ikabaki ya mstari mmoja. Ama chupa ya pili, ama “E. Luhende, Mtoa Dawa”. Eustace alijiambia kwamba habari ya chupa ya pili huwa anawaambia kwa mdomo kila siku. Akaweka jina.

Na kweli aliwaambia, mpaka Jumatatu moja foleni ilipozunguka jengo. Koleta alikuja na binti yake Bernadeta, wa miaka saba, koo limevimba na homa kali. Walikuwa wametoka Tura kwa treni, ambako mumewe alikuwa kibarua wa reli. Koleta alisoma shule ya masista, na Eustace alifurahi kupata msomaji.

“Shikamoo, bwana dispensa.”

“Marahaba, mama. Kila kitu kimo ndani ya barua. Ifuate hiyo hiyo.”

Akaita mwingine.

Koleta aliifuata. Hakuna mwanamke katika mstari mzima wa reli aliyefuata barua kama yeye. Kitambaa alikilowesha mara tatu kwa siku, kijiko alikiinua usawa wa macho. Siku ya saba mtoto alikuwa akiruka kamba, na Koleta akamwaga iliyobaki nyuma ya nyumba, akashukuru Mungu kwamba dawa imekwisha.

Wiki tatu baadaye alirudi amembeba Bernadeta mgongoni, mtoto mrefu vile. Magoti yalikuwa yamevimba. Juzi vilikuwa vimevimba vifundo vya miguu. Alihema kwa shida. Daktari, Mwingereza aliyekuwa bado hajajua Kiswahili, alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema kwamba ugonjwa wa koo haukuuawa wote, na sasa umegusa moyo. Eustace aliitwa kutafsiri.

“Daktari anauliza kwa nini uliacha dawa mapema.”

“Sikuacha, baba. Niliimwaga siku ya saba kama barua ilivyosema.”

Eustace alimgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza: “Anasema aliimwaga.”

Hakusema uongo hata neno moja. Daktari alitikisa kichwa, na Koleta, ambaye hakujua Kiingereza, alikielewa kichwa kile vizuri sana.

Bernadeta alilazwa, akapona magoti, lakini moyo ukabaki na doa. Ikaamriwa adungwe sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka, ili ugonjwa usirudi. Eustace alizitoa kabatini barua zote zilizobaki, akaandika kwa wino, pembeni, habari ya chupa ya pili. Zilizokwisha kutoka alizinyamazia. Alikuwa mwoga, tusitafute neno jingine. Alikula chakula cha Apolinaria bila kukionja, na Jumapili alikaa kanisani kiti cha nyuma kabisa.

Kila mwezi Koleta alikuja. Mwezi wa tatu, wakisubiri sindano ichemshwe, alisimama kwenye kidirisha.

“Baba, nikuulize. Mama mkwe anasema nimemuua mtoto angali hai. Mimi nimefikiri sana. Siku ile niliimwaga asubuhi. Labda ningengoja jioni?”

Eustace alitazama kalamu zake mbili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

“Si wewe, mama. Dawa ilikuwa ya siku kumi. Ulipaswa kuja kuchukua chupa ya pili. Barua haikusema, na mimi sikukuambia. Kosa ni langu.”

Koleta akauliza polepole, “Ulijua lini?”

“Siku ile ya daktari.”

“Miezi mitatu.” Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. “Miezi mitatu nimelala na hilo peke yangu, na wewe ulijua. La barua ningekusamehe leo hii. Hili la pili sijui.”

Eustace akaziweka kalamu zake mbili mezani.

“Twende kwa daktari,” Koleta akasema. “Mwambie kwa Kiingereza chako, na mimi nisimame pale nimwangalie kichwa chake.”

Walikwenda. Eustace alisema yote, na safari hii alitafsiri kila neno pande zote mbili, pamoja na maneno ambayo daktari alimwambia yeye.

Waliporudi, Koleta alitoa barua yake kwenye pindo la kanga. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

“Wenye karatasi kama hii ni wangapi?”

“Thelathini na nane. Majina yamo kwenye daftari.”

“Tura tuko sita. Jumamosi upande treni. Nyumba nitakuonyesha, lakini kusema utasema mwenyewe.” Akaiweka barua mbele yake. “Anza na hii. Andika.”

Eustace alichukua kalamu. Pembeni karatasi ilikuwa imeliwa na mikunjo, na chini hapakuwa na nafasi ila mahali pamoja. Akaandika juu ya jina lake, taratibu, kwa hati yake nzuri, kwamba siku ya saba mzazi aje achukue chupa ya pili, mpaka jina likawa halisomeki tena.