Mvi za Nyumba Yetu

Butembo nzima, na nusu ya barabara ya kwenda Beni, ilijua nyumba yetu kwa mvi. Babu alianza akiwa na arobaini; baba alikuwa na kichwa cheupe kabla ya miaka thelathini. Kanisani wakamsogeza mpaka benchi ya wazee, akakaa katikati ya watu wa umri wa kumzaa, na mama akatembea mtaani kama mke wa gavana. Mimi nilipata zangu nikiwa na ishirini na tano. Siku niliyoingia shule ya jioni kumaliza sekondari, darasa lote lilisimama likidhani inspecteur wa shule amefika. Mwalimu naye akaficha chaki.

Mudogo wangu wa kike, tulikuwa wawili tu, alianza akiwa na kumi na tisa. Aliuza samaki wa ziwani Kyavinyonge sokoni Beni, na wanunuzi walimwita koko, yaani bibi. Naye aliwajibu kwa sauti ya bibi asiye na meno, wakacheka mpaka wakasahau kubishana bei.

Tulijivunia zile mvi. Baba alipokufa kwa kifua, akiwa amemeza dawa zote za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu, hatukuunganisha mambo.

Kisha mudogo akaanza kutoka damu kwenye fizi. Akachubuka bila kugongwa. Akapanda ngazi mbili akakaa chini. Nilipofika hospitali ya Beni, walikuwa wameshamwongezea damu. Docta, mama mmoja mpole, alimtazama kucha, akamwambia atoe ulimi, akaona mabaka meupe. Halafu akaniuliza mimi:

"Hizi mvi, ni za lini?"

Nikamsimulia yote, babu, baba, benchi ya wazee, nikaongeza chumvi kidogo, kilo moja hivi. Kadiri nilivyojisifu ndivyo uso wake ulivyoanguka.

"Papa," akasema, akiziheshimu mvi, "umesoma nini?"

"Bio-chimie, Docta. Diplôme ya sekondari ninayo!"

"Basi unajua telomere."

Nilijua. Nikasimama wima kama kwenye mtihani wa Serikali. Kila kromosomu ina kinga kwenye ncha zake, nikasema. Seli ikijigawa, nakala haifiki mwisho kabisa, ncha inapungua kidogo. Ikiwa fupi mno, seli inaacha kujigawa. Telomerase ndiyo inayorefusha ncha, ila katika seli nyingi za mwili imezimwa. Inafanya kazi kwenye zile za kutengeneza mbegu na mayai, na kidogo kwenye seli mama za uboho wa mifupa, zinazozaa damu.

"Très bien," Docta akasema, taratibu. "Sasa kwenu, nadhani hiyo telomerase ni dhaifu. Babu yako alimrithisha baba ncha fupi, baba akawapa fupi zaidi. Ndiyo maana kila kizazi kinawahi kuliko kilichopita. Nywele kwanza. Mapafu ya baba, labda. Sasa uboho wa dada yako umechoka, hauzai damu tena."

Nikakaa.

Kuthibitisha kulihitaji kutuma damu nje ya nchi. Na dawa yenyewe ilikuwa uboho wa ndugu, huko huko nje.

"Chukua wangu!" nikasema. "Niko nao wa kujaza bidon!"

Akanitoa damu kwanza, ya kupima. Nikarudi kwa mudogo nikiimba. Waumini walikuwa tayari kuuza hata kengele ya kanisa ili tusafiri.

"Yaya," akaniita mimi kaka yake, "ni ugonjwa gani? Batu banasema nimelogwa."

"Hapana kulogwa. Wewe ni kama kitenge. Kila ukienda kwa fundi, anakata pindo kidogo. Pindo ikiisha, fundi anaweka mukasi chini."

"Mais mimi sikushona mingi!"

"Ulizaliwa na pindo mufupi."

Akafikiri. "Na yako?"

"Yangu inafika Kisangani."

Siku mbili baadaye Docta akaniita kwenye korido. Chembe zangu za kugandisha damu zilikuwa chache. Nyekundu zilikuwa chache pia, na kubwa kupita kawaida.

"Huwezi kumpa, Papa. Nawe uko njia moja naye."

Niliingia chumbani nikitafuta mzaha, nikakosa.

"Yaya umekosa maneno?" mudogo akasema. "Kumbe leo ndo nakufa kweli."

"Damu yangu..."

"Iko sawa na yangu?"

"Iko sawa."

Akajivuta kuelekea ukutani, polepole, akishika drip yake.

"Kuya basi. Kitanda iko kikubwa."

Nikapanda.

"Toa viatu, muzee! Unachafulia batu shuka."

Alikufa juma lile lile, asubuhi, damu ikimtoka puani, na hospitali haikuwa na mfuko hata mmoja wa damu ya kundi lake. Tulimrudisha Butembo. Uwanja ukajaa watu wakiulizana nani amemla kwa uchawi. Mama alinivuta nyuma ya nyumba, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza kama mimi niko muzima.

Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa sauti kubwa, na kifua nikakitoa mbele, mpaka majirani wakageuka.