Hasi Tatu Niliyoikata

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliajiriwa na bodi ya shule moja ya kutwa, njia ya kutoka Suneka kuelekea mashambani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni juzijuzi, na nilipewa hisabati ya kidato cha tatu kwa sababu aliyekuwa akiifundisha alikuwa amehamishwa. Nilivaa viatu vya visigino ili nionekane mkubwa kuliko wanafunzi wangu. Kwa mmoja wao havikusaidia kitu, kwa kuwa alinizidi miaka saba.

Alikuwa mama wa watoto wawili. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaolewa upande wa Kiogoro, akalima, akachuma chai kwenye shamba la mama mkwe wake kule Nyamira misimu miwili mitatu, halafu siku moja akaenda kwa mwalimu mkuu akaomba nafasi. Alipewa. Alishona sare yake mwenyewe, sketi ndefu kidogo kuliko za wengine, na alikaa dawati la mwisho karibu na mlango. Wenzake walimwita Mama. Mimi nilishindwa nimwite nani. Kwetu mtu wa umri ule nisingemtaja kwa jina, na darasani nisingeweza kumwamkia kama ninavyomwamkia shangazi. Basi nami nikamwita Mama, naye akaniita Madam, na tukaendelea hivyo kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Muhula wa pili tulifika kwenye logi, yaani logarithimu. Niliwafundisha sheria zake zote, na moja niliirudia karibu kila kipindi: nambari hasi haina logi, hivyo mkipata jibu lenye alama ya kutoa, likateni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeishika mimi mwenyewe tangu sekondari, na haikuwahi kuniangusha.

Katika mtihani wa katikati ya muhula nikaweka swali la alama tatu. Tafuta x, ikiwa logi ya x kipeo cha pili kutoa moja ni sawa na logi ya nane. Hesabu ni fupi. Logi zikilingana, vilivyo ndani yake vinalingana, kwa hiyo x kipeo cha pili kutoa moja ni nane, na x kipeo cha pili ni tisa. Darasa karibu zima likaandika tatu. Mama akaandika tatu au hasi tatu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata ile hasi tatu, nikampa mbili kwa tatu.

Siku niliyorudisha karatasi alinifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu wakati wenzake wanakwenda uwanjani. Alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Madam, samahani. Hii hasi tatu ina kosa gani?"

"Ni hasi, Mama. Nambari hasi haina logi."

"Nimesikia. Lakini nilipoirudisha ndani ya swali ilinipa nane."

Sikutaka kubishana mlangoni. Nikatoa kalkuleta yangu, nikabonyeza logi, nikafungua mabano, nikaandika hasi tatu kipeo cha pili kutoa moja, nikafunga, nikamwonyesha. Kioo kilileta neno la hitilafu. "Unaona? Hata mashine imekataa."

Akaitazama mashine, akanitazama, akashukuru, akaenda. Niliingia ofisini nikijiona mwalimu hodari.

Kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride la wanafunzi, alikuwa pale tena. Safari hii alikuwa na ukurasa aliouchana kwenye daftari. Alikuwa ameandika safu ya nambari kuanzia hasi tatu hadi tatu, na chini ya kila moja akaweka kipeo chake cha pili kikishatolewa moja. Nane, tatu, sifuri, hasi moja, sifuri, tatu, nane. Zile tatu za katikati, yaani sifuri, hasi moja na sifuri, alikuwa amezizungushia penseli.

"Hizi za katikati naelewa kwa nini hazikubaliki," alisema. "Sifuri haina logi, na hasi moja haina. Lakini Madam, hapa mwisho kuna nane, na huku mwanzo kuna nane. Sielewi kwa nini nane hii inakubaliwa na ile inafukuzwa."

"Mashine imekataa, Mama. Uliona jana."

"Niliona. Nikaenda kuazima ya jirani. Nikiandika hasi tatu bila mabano, inakataa. Nikiweka mabano yake yenyewe, inakubali, inanipa jibu lilelile la tatu."

Nilijua papo hapo amesema kweli. Bila mabano, kalkuleta hupandisha ile tatu kwanza iwe tisa, kisha huweka alama ya kutoa mbele yake, na hasi tisa kutoa moja ni hasi kumi. Nilikuwa nimeiuliza mashine swali jingine. Lakini nilikuwa mdogo, na kiburi changu kilikuwa kikubwa. Nikachukua penseli yake nikaivunja logi vipande viwili kama sheria inavyosema: logi ya x kutoa moja, kujumlisha logi ya x kuongeza moja.

"Haya, weka hasi tatu hapa. Hii inakuwa hasi nne. Hii inakuwa hasi mbili. Zote mbili hazina logi. Umeona?"

Akasema kwa Kikisii, pengine bila kujua amebadilisha lugha, kwamba swali halikuwa na vipande viwili. Lilikuwa na kimoja. Hasi nne ikizidishwa na hasi mbili ni nane, na swali lilitaka logi ya ile nane.

Kengele ikalia. Nikamwambia nitaangalia.

Mkuu wetu wa idara ya hisabati alikuwa mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, mtu wa Nyamira, mpole, asiyepandisha sauti. Saa ya chai nilimkuta akimenya kiazi kitamu. Nikaweka ule ukurasa mbele yake nikamweleza yote, hata habari ya kalkuleta. Nilitumaini atapata namna ya kuniokoa.

Alifuta vidole, akasoma polepole. "Kabla ya kutatua uliandika nini?" akaniuliza.

"Swali."

"Na baada ya swali?"

"Nikaanza kutatua."

Akachora mstari wa namba pembeni mwa ukurasa, akaweka hasi moja na moja, kila moja na kiduara kitupu. "Hapa ndipo pa kuanzia. Kilicho ndani ya logi lazima kizidi sifuri. Kwa hiyo x kipeo cha pili lazima izidi moja. Basi x ama iko kulia kwa moja, ama kushoto kwa hasi moja." Akapaka penseli pande zote mbili, akaacha katikati peupe. "Sasa tatu iko wapi? Na hasi tatu?"

Zote mbili zilikuwa mahali palipopakwa.

"Ulipoivunja logi vipande viwili," akaendelea, "ulidai kila kipande kizidi sifuri peke yake. Hapo x lazima izidi moja, basi. Ukafuta upande mzima wa kushoto bila kujua. Ni kosa ambalo hata mimi nililifundisha kwa miaka mingi, na hakuna mtoto aliyekuja kuniuliza."

Nikamwambia nitamwita yule mama ofisini nimrudishie alama yake.

"Alama mrudishie," alisema. "Lakini usimwite ofisini. Ulimkosea kwa kalamu nyekundu, na kosa lenyewe ulilifundisha mbele ya darasa. Mshukuru mahali hapohapo."

Sikulala vizuri siku ile, nakiri. Kipindi cha pili kesho yake nilisimama mbele ya wanafunzi arobaini na kitu nikawaambia nilikuwa nimewafundisha vibaya, na kwamba mmoja wao ameniletea ushahidi. Niliposema ni nani, shingo zote ziligeuka nyuma. Nilirudisha alama kwa wanafunzi watatu, yeye na wawili wengine walioandika hasi tatu wakanyamaza nilipoikata. Waliopata alama zote kwa jibu la tatu pekee sikuwanyang'anya, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Kisha nikaandika swali jipya ubaoni. Logi ya x kipeo cha pili kutoa moja ni sawa na logi ya x kutoa moja. Nikamwomba Mama aje alifanye.

Hakuwa amewahi kuja ubaoni. Alikuja akijifuta mikono kwenye sketi, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Kabla ya chochote alichora mstari wa namba, akasema huku ametupa mgongo, "Upande huu wa swali unataka x izidi moja, au iwe chini ya hasi moja. Upande ule unataka izidi moja. Pande zote mbili zikubaliane, basi izidi moja." Ndipo akatatua. X kipeo cha pili kutoa x ni sifuri, kwa hiyo x ni sifuri au moja. Akaangalia mstari wake. Akaangalia majibu. Akayakata yote mawili.

"Hakuna," alisema.

Darasa likaanza kunung'unika. Msichana wa dawati la mbele akasema haiwezekani, hakuna hata moja yenye alama ya kutoa.

"Weka moja ndani," Mama akamwambia bila ukali, kama anavyomwambia mtoto wake. "Inakuwa sifuri. Weka sifuri, inakuwa hasi moja. Usiangalie x ina alama gani. Angalia inaleta nini ndani."

Nimefundisha sentensi hiyo tangu siku hiyo, na kila mara nawaambia wanafunzi kwamba si yangu.

Miaka imepita. Mzee wetu alistaafu akarudi kwenye chai yake Nyamira. Nilikwenda kumwona na mkate na sukari, nikamshukuru kwa kutonicheka siku ile. Akasema hakuwa na sababu ya kunicheka, alikuwa akijionea haya yeye mwenyewe.

Mama alifaulu mtihani wa kidato cha nne, hisabati akapata alama nzuri kuliko nilivyopata mimi wakati wangu, na sasa yuko chuo cha ualimu. Alinipigia simu mapema mwaka huu kuniambia amepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja karibu na Nyamarambe. Nikaona ni wakati wa kusema nililokuwa nimelibeba. Nikamwambia kwamba asingerudi mara ya pili na ule ukurasa, ningefundisha kosa lile mpaka leo, na kwamba namshukuru kwa ujasiri wake.

Alicheka sana. "Ujasiri gani, Madam? Mimi nilitaka alama yangu."