Viazi vya Wakesho

Dada yangu Wakesho anatandika vitanda vya watalii kwenye loji moja karibu na Voi, na huku nyumbani Wusi anafika mwisho wa mwezi tu. Barua ya Mwalimu Edith, anayemfundisha binti yake, nilimsomea kwa simu. "Watoto wetu wanaimba namba hadi mia," mwalimu aliandika, "lakini ukiwaomba mawe matano, wanakupa mkono uliojaa. Sasa watajifunza kwa kucheza. Nanyi wazazi, chezeni nao jioni."

Mama akabetua mdomo. "Kucheza hata mbuzi anajua. Shule ni ya nini basi?"

"Mama, mimi nilikariri mpaka diploma ikanishinda katikati," nikamjibu. "Mbuzi angalau anamaliza nyasi yake."

Wakesho hakucheka. "Na mimi nitacheza naye vipi?"

Nikampa binti yake Shanice simu, mawe na sufuria.

"Mwenye duka," Wakesho akaita, "niwekee viazi vitano."

Mawe yakagonga sufuria moja moja, na dada yangu akawa anahesabu milio kutoka huko aliko. "Ni vinne hivyo. Unaniibia!"

Shanice akagusa kila jiwe kwa kidole, akafikiri, akaongeza moja.

"Sasa vimetimia," Wakesho akasema.

"Haya, kuja uchukue. Sifungi duka mpaka ukuje."

"Mwisho wa mwezi," Wakesho akasema.

Jioni hiyo Mama alichukua sufuria nyingine kupikia. Ile ya viazi hakuigusa.