Wembe wa Maonyesho

Gharama nzima ilikuwa wembe mmoja wa plastiki wa shilingi mia, tena uliokwisha kutumika, na kazi ya wifi yangu. Nimehesabu mara mbili. Wifi amehesabu mara nyingi zaidi, naye anapata jumla kubwa kuliko yangu.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, kila kitu kikaingia kwa wakati mmoja, hata vitu ambavyo hatukujua kama tulikuwa tunavikosa. Mimi niliingiza nyembe za kina mama, za rangi ya waridi. Ndani zilikuwa sawasawa na za bluu za wanaume, ila waridi niliiuza ghali kidogo, kwa sababu rangi nayo ni mzigo. Niliziuza sokoni Kilosa, na siku moja kila wiki nilitandika kando ya barabara kuu pale Mikumi.

Ili wateja waamini, nilikuwa na wembe wa maonyesho. Mteja akisita, nilipandisha gauni hadi gotini nikapitisha wembe kwenye muundi wangu mkavu, mara moja, malaika, zile nywele laini za mguuni, wakadondoka. Mwishoni sikuwa na malaika wa kuonyesha, nikawa napitisha tu kwenye ngozi, na watu wakanunua vilevile.

Basi wifi huyo, mdogo wake mume wangu, akapata kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli mpya ya Mikumi. Majaribio ya wiki moja, sketi ya magotini, blauzi isiyo na mikono. Akaja kuniaga.

"Wifi, nyembe unazo kapu zima. Nipe mmoja."

Nikampa ule wa maonyesho. Nikaufuta kwanza, nisionekane mchoyo.

"Huu umeshafanya kazi," akasema, akiupima kwa macho.

"Umezoea miguu. Mpya ungekukwaruza."

Nami niliamini nusu ya maneno yale.

Akanyoa alfajiri ya siku ya kwanza, kavukavu, kama alivyoniona mimi nikifanya, kutoka kifundoni kwenda juu, akirudia mara tatu palipokataa. Kwapa hivyohivyo. Kisha akajimiminia manukato. Jioni ngozi ilimwaka kama aliyepita kwenye upupu. Siku ya nne vikatoka vipele, na ndani ya baadhi yake unywele umejikunja chini ya ngozi. Akavitumbua kwa kucha, navyo vikatunga usaha. Msimamizi akamwambia aende nyumbani apone kwanza, maana wageni wanakuja kutazama tembo, hawaji kutazama miguu yake.

Akarudi Kilosa, akavua khanga mbele yangu bila salamu.

"Tazama biashara yako."

Nikampeleka kwa kinyozi wa karibu na stesheni, mzee ambaye amekuwa akinyoa ndevu za watu wa reli tangu mimi sijazaliwa. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia, akavaa miwani, akatazama kidogo.

"Huu si ugonjwa. Ndevu za wanaume hufanya hivi kila wiki. Nyie mnanyoa kama mnapalilia miwa ya Kidodi."

"Dawa yake nini, fundi?" nikauliza. "Na kiasi gani?"

"Kitambaa safi, maji ya moto kiasi, ukande asubuhi na jioni. Usitumbue, usinyoe, usipake manukato, vaa nguo pana. Vikizidi kuuma au kuvimba, zahanati. Bei yake ni kuacha ubishi."

Kisha akatufundisha. Wembe mkali, na kila mtu awe na wake. Loweka ngozi kwa maji ya uvuguvugu, paka povu zito la sabuni laini, si ya kufulia. Pitisha bila kukandamiza, kufuata unywele unakoelekea. Kwapani unaelekea huku na huku, upapase kwanza kwa kidole. Suuza wembe kila mpito. Siku ambayo hunyoi, ngozi ikiwa imetulia, sugua taratibu kwa dodoki.

Wifi akashika kila neno. Mimi nilishika kwamba maneno haya yanauzika.

Wiki iliyofuata Mikumi, msichana mmoja wa Ruaha alisimama kwenye tandiko langu. Nikamuuzia wembe mpya na mafunzo yote ya kinyozi, kwa shilingi mia na hamsini. Akalipa bila kubishana. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikumuuliza anakwenda wapi.

Baada ya wiki mbili miguu ya wifi ikawa laini kama ya mtoto. Akarudi hotelini. Msimamizi akaitazama, akaisifu, akasema nafasi imeshajaa. Aliyeijaza akamkaribisha wifi chai, na kwa wema wake akamwelekeza mahali wanapouza nyembe nzuri, kwa mama mmoja anayejua sana mambo ya ngozi.

Sasa wifi anakaa kwangu, anakula kwangu, na kila mwisho wa mwezi ananyoosha mkono anadai mshahara wa hotelini. Mume wangu anasema hayamhusu. Nimejaribu kumpunguzia deni kwa nyembe mpya, pakiti nzima, akazipokea na deni likabaki palepale. Ewe uliyewahi kukosana na wifi, nishauri: nimlipe mpaka lini?